Tentire haitoi tentire: mizizi imewaka, urefu umebaki mweusi

"Mwaka mzima nimekuwa napaka tentire nyeusi. Juzi nilinunua namba 7.3 na oksijene ya 30, nikaacha dakika 40. Mizizi imekuwa ya machungwa, huku chini nywele ni nyeusi vile vile. Nirudie na oksijene ya 40?"

Dada, usirudie. Wala na ya 40, wala na tyubu nyingine yoyote ya tentire. Dawa yako haikuwa mbovu na dakika hukukosea. Mimi napaka rangi za nywele hapa Kadutu, Bukavu, mwaka wa kumi na nne huu, na kichwa kama chako napokea karibu kila mwezi. Mara nyingi mwenyewe ameshapaka mara mbili au tatu kabla ya kuja, na hapo ndipo nywele zinapoanza kukatika.

Ukitaka kuelewa, siku moja kamua tentire nyeusi kwenye bakuli uiangalie. Inatoka nyeupe kama maziwa ya mgando. Changanya na oksijene, uiache mezani. Baada ya muda inaanza kuwa zambarau juu juu, halafu kijivu, halafu nyeusi kabisa. Maana yake, ndani ya tyubu hakuna rangi nyeusi. Kuna vipande vidogo sana visivyo na rangi, pamoja na amonia. Amonia inafungua magamba ya unywele, vipande vinaingia hadi kiini, na oksijene inaviunganisha humo humo ndani. Vikishaungana vinakuwa vikubwa, vinapata rangi, na havipati tena njia ya kutoka. Ndiyo sababu tentire ya kudumu haiondoki kwa sabuni.

Sasa oksijene hiyo hiyo ina kazi ya pili kwa wakati mmoja: inaunguza melanini, yaani weusi uliozaliwa nao. Hiyo kazi ya pili ndiyo tunaita kupandisha toni. Watu wengi wanafikiri kupandisha ni kupaka rangi nyepesi juu ya nzito. Hapana. Kupandisha ni kuondoa. Unaondoa sehemu ya weusi wa asili, kisha rangi ya tyubu inakaa juu ya kile kilichobaki. Ukichovya kitambaa cheusi kwenye ndoo ya rangi ya njano, kitatoka cheusi. Kwanza lazima weusi upungue.

Na oksijene ya tentire inajua kupunguza melanini tu. Weusi uliopakwa mwaka mzima si melanini. Ni vile vipande vilivyoungana, na kilichoviunganisha ni oksijene yenyewe. Kumwaga oksijene nyingine juu yake hakuvivunji, kwa sababu kazi yake kwao imeshakwisha. Pengine vitafifia kidogo sana, lakini jicho halitaona. Kwa hiyo 7.3 yako ilipofika kwenye urefu haikukuta kitu cha kuondoa. Iliongeza tu dhahabu kidogo ndani ya weusi, na dhahabu ndani ya weusi haionekani. Ilipofika kwenye mizizi, zile sentimita mbili zilizoota karibuni bila tentire, ilikuta melanini tupu, tena kwenye joto la ngozi ya kichwa linaloharakisha dawa. Hapo ikapanda.

Lakini hata hapo haikufika 7. Toni zinahesabiwa kutoka 1, nyeusi, hadi 10, njano hafifu sana. Nywele zetu nyingi zinazaliwa toni 1 au 2. Oksijene ya 20, yaani 6%, inapandisha toni moja au mbili. Ya 30, yaani 9%, mbili au tatu. Jumlisha mwenyewe: 2 na 3 ni 5. Na weusi wetu ukipungua hauwi kahawia tulivu. Unapita kwenye nyekundu, nyekundu ya machungwa, machungwa, halafu njano, kwa mpangilio huo huo kila mara. Toni ya 5 iko katikati ya wekundu na machungwa. Namba 3 baada ya nukta kwenye boksi lako ni dhahabu, nayo imeongeza moto juu ya moto. Ukirudia na ya 40, yaani 12%, mizizi itazidi kuwaka, ngozi inaweza kuungua, na urefu utabaki pale pale.

Nikueleze kichwa kimoja nilichokifanya, kwa sababu nami kilinifundisha.

Alikuwa mwalimu kutoka Muhungu, nywele zinafika mabegani, hajaweka defrizan tangu miaka mitatu. Alikuwa akipaka tentire nyeusi kila baada ya wiki sita, kwa miaka miwili, kila mara kutoka mizizi hadi ncha. Hapo kuna jambo la kukumbuka: mizizi yake ilikuwa na tabaka moja la tentire, ncha zilikuwa na zaidi ya kumi. Alitaka kahawia ya asali. Nilikata kishungi chembamba nyuma ya sikio, nikakipaka tentire toni 8 na oksijene ya 30, nikakifunga kwenye plastiki dakika 45. Nilipokisuuza na kukilaza juu ya taulo jeupe karibu na dirisha, aliona mwenyewe: sentimita moja ya juu, iliyoota tangu tentire ya mwisho, ilikuwa ya shaba, iliyobaki nyeusi kama makaa. Baada ya hapo hatukubishana tena juu ya kuongeza tentire.

Nilianza na dawa ya kutoa tentire. Hii si dekolorasyo. Haigusi melanini. Inafanya kinyume cha oksijene: inaviachanisha vile vipande vilivyoungana, vinarudi kuwa vidogo, na maji yanavitoa. Ina harufu ya yai bovu, usishtuke. Dakika 20 chini ya plastiki, na nywele zikawa kahawia nyekundu, laini, nzuri kabisa. Mimi na yeye tulifurahi mno. Siku hiyo bomba lilikuwa kavu, nikasuuza kwa bidoni moja la lita 20, na shampuu mara moja. Kesho yake asubuhi akanipigia simu: "Yaya, zimerudi nyeusi."

Kosa lilikuwa langu. Vipande vilikuwa vimeachana lakini havijatoka. Vilibaki ndani, na oksijeni ya hewani ikaviunganisha tena usiku kucha. Dawa hiyo inataka maji mengi, robo saa nzima au zaidi yakipita kwenye nywele bila kusimama, na shampuu mara tatu. Tangu siku ile siku ya bomba kavu siigusi. Ukitaka kujua kama umesuuza vya kutosha, weka tone la oksijene ya 10 kwenye kishungi kimoja, subiri dakika chache. Kikianza kuwa cheusi, rudi kwenye maji.

Tulirudia baada ya wiki mbili, bomba likiwa linatoa. Safari hii rangi ilibaki, lakini ilibaki wapi? Katikati ilikuwa toni 4 nyekundu, ncha bado 3. Hapo ndipo nilipoleta poda ya dekolorasyo, kipimo kimoja cha poda kwa viwili vya oksijene ya 20. Poda hiyo ina pasalfeti, yenye nguvu kuliko oksijene peke yake, na inavunja vyote viwili, melanini na tentire. Lakini haichagui na haiendi sawasawa. Nilianza ncha, kisha katikati, nikaacha mizizi mwisho kabisa kwa sababu ya lile joto la ngozi. Kila dakika tano nilikuwa nafuta kishungi kimoja kwa taulo na kukitazama. Kwenye dakika ya 35 katikati palikuwa machungwa, toni 6, ncha zikiwa bado na wekundu wa toni 5. Nilisimamisha. Angeweza kuniomba niendelee, lakini kishungi nilichokivuta kikiwa na maji kilianza kunyooka taratibu na kuchelewa kurudi. Unywele mzima unanyooka kidogo na kurudi kama mpira. Ukinyooka kama ubani uliotafunwa, toa dawa hapo hapo.

Mwisho nilipaka 6.1 na oksijene ya 10. Namba 1 baada ya nukta ni kijivu chenye ubluu, na bluu ndiyo inayozima machungwa. Hapa tentire ilifanya kazi yake ya kweli, maana haikuombwa kupandisha chochote. Ilitulizwa juu ya nywele zilizokwisha kupanda. Alitoka na kahawia tulivu, si asali aliyoitaka. Asali ilichukua miezi minne mingine, na ncha tulizikata.

Kwa hiyo kwako. Kama una haraka ya kutoka nyumbani, zima mizizi tu: tentire ya 4 iliyochanganywa nusu kwa nusu na 4.1, oksijene ya 10, ipake kwenye yale machungwa peke yake na usiivushe kwenye urefu. Haitakuwa nyeusi kama chini, lakini mpaka hautapiga macho. Kama kweli unataka wepesi, acha nywele wiki tatu, kisha nenda kwa fundi aanze na dawa ya kutoa tentire.

Kabla ya hapo mwambie vitu viwili bila kuficha. Kwanza, kama ulishaweka defrizan. Nywele zenye defrizan zikiongezewa poda ya dekolorasyo hukatika, wakati mwingine kwenye sinki lile lile, na mimi kichwa cha namna hiyo nakikataa. Pili, kama weusi wako ulitoka kwenye tyubu kweli, au kulikuwa na hina au unga wa pakiti unaokorogwa na maji. Baadhi ya hizo zina chumvi za metali, na chumvi hizo zikikutana na oksijene zinachemka. Jaribio lake ni dogo: kata kishungi, kitumbukize kwenye kikombe cha glasi chenye mililita 30 za oksijene ya 20 na matone 20 ya amonia, kaa dakika 30. Kikombe kikipata joto, kikitoa povu jingi au moshi, hakuna poda wala tentire itakayoingia kichwani mwako mpaka nywele hizo zikue na zikatwe. Kikikaa kimya, niandikie hapa tabaka ngapi za tentire zimefika kwenye ncha zako, nikuambie ni toni gani unaweza kuifikia kabla ya Krismasi.