Baka la maji kwenye gauni la hariri: barua ya malalamiko iseme nini

SWALI: Nilipeleka gauni langu la hariri la samawati kwa drai klina hapa Mombasa, nikawaonyesha tone la juisi kifuani. Limerudi bila juisi lakini na baka la maji lililopauka. Wanasema hawatumii maji, kwa hiyo si wao. Nimewaandikia barua kwamba wamelichoma kwa kemikali kali, nataka pesa zangu zote. Niipeleke, au kwanza nijaribu siki kama nilivyoona mtandaoni?

JIBU: Dada, barua hiyo usiipeleke kama ilivyo, na siki iache jikoni.

Neno "kemikali kali" ndilo litakalokuangusha. Karibu kila mteja anayelalamika huliandika, na mwenye duka akilisoma hufurahi, kwa sababu kulikana ni rahisi. Dawa inayozunguka ndani ya mashine huyeyusha mafuta. Rangi ya hariri kwa kawaida huigusa kidogo sana. Lakini juisi ni sukari na maji, na dawa hiyo haiitoi. Kabla gauni halijaingia mashineni, mtu huliweka juu ya meza ya madoa, akalipiga maji kidogo na mvuke, pengine akaligonga kwa brashi. Kwa hiyo hiyo kauli ya "hatutumii maji" haisimami. Kama tone la juisi limetoka, kuna uwezekano mkubwa kwamba maji yalitumika, na barua yako iwaulize hivyo: doa lilitolewa kwa kutumia nini, na eneo lile lilikaushwa vipi?

Kabla ya kuandika, lipeleke gauni dirishani mchana ulitazame vizuri. Baka lenye ukingo mweusi kama ramani, katikati safi, ni maji yaliyoyeyusha dawa ya kiwandani ya kukaza kitambaa pamoja na rangi iliyolegea, yakaviacha pale unyevu ulipokutana na pakavu. Hilo mara nyingi hutoka likirudiwa na mtu anayejua: hulowesha kipande chote sawasawa, kisha hukikausha kwa pamoja. Baka lisilo na ukingo, linaloonekana jeupe ukiligeuza huku na kukolea ukiligeuza kule, ni hariri iliyosuguliwa ikiwa mbichi. Ikiloa hupungua nguvu, na brashi huchana nyuzi za juu zikasimama kama manyoya. Rangi ipo bado. Ung'avu ndio ulioondoka, nao haurudi kikamilifu. Baka lililopauka kwa kila pembe, na upande wa ndani vilevile, ndilo lililopoteza rangi kweli. Linganisha na kitambaa kilichokunjwa ndani ya mshono, ambako rangi ya asili imejificha. Hapo jiulize pia kwa haki kama uliwahi kupulizia marashi mahali hapo, maana spiriti yake huhamisha rangi.

Kwa maelezo yako ningekisia kusuguliwa, lakini barua isitaje kisio langu wala lako. Iseme unachokiona: "Tarehe fulani nililileta gauni, risiti namba fulani, likiwa na tone la juisi kifuani na bila alama nyingine. Nililichukua tarehe fulani likiwa na baka la sentimita saba kwa tano mahali palepale, lisilo na ukingo, linalobadilika ukiligeuza mwangani. Naomba maelezo ya hatua mlizochukua, na lirekebishwe. Lisiporekebika, naomba fidia ya thamani yake kwa umri wake. Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14." Ambatisha picha, nakala ya risiti na lebo ya matunzo. Bei kamili ya gauni lililovaliwa miaka mitatu usiidai, utawapa sababu ya kukucheka. Wakikuonyesha maandishi ya risiti kwamba nguo huachwa kwa hatari ya mwenyewe, wakumbushe kwamba Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya kinampa mtumiaji haki ya huduma yenye ubora unaostahili, na fidia kwa hasara itokanayo na kasoro.

Sasa hiyo siki. Mafundi wa madoa tunayo mezani, tena hariri haiogopi asidi hafifu. Lakini ukiidondoshea mahali pamoja, maji yaliyomo yatachora ukingo mpya juu ya baka la zamani, na drai klina atasema baka zima ni lako. Naye atakuwa na hoja. Soda ya kuokea ni mbaya zaidi, kwani hufubaza hariri na kuidhoofisha. Dawa ya klorini ya kung'arisha nguo nyeupe huila hariri yenyewe, na kila mwezi naletewa gauni lililogeuka manjano na kutoboka kwa ushauri wa kikundi cha simu. Wapo pia wanaopita mitaani wakiahidi "kurudisha rangi" kwa kopo la kupuliza. Wanachopaka hukaa juu ya kitambaa, hupakaza kwapa na mkoba, na baada ya hapo hakuna fundi atakayeweza kusema kilichotokea mwanzo kilikuwa nini.