Ifikapo Juni mwakani atakuwa amefundisha miaka kumi: namna ya kujaza nafasi ya "will have been"

Chukua swali kama hili, la aina ambayo mwanafunzi wa sekondari wa Tabora au Kigoma hukutana nayo kwenye zoezi la kukamilisha sentensi:

By next June, Asha ______ for ten years. Kitenzi ni *teach*.

Jibu ni *will have been teaching*. Jibu linaloandikwa na wengi ni *will be teaching*, na hawaliandiki kwa uvivu. Wanafikiri kwa Kiswahili, kisha wanahamisha neno kwa neno. "Atakuwa anafundisha" inakuwa *will be teaching*, na hapo wako sahihi kabisa. "Atakuwa amefundisha" inakuwa *will have taught*, na hapo pia hawajakosea. Tatizo ni kwamba Kiingereza kina umbo la tatu linalobeba yote mawili kwa pamoja, kazi iliyokwisha kula muda na ambayo bado inaendelea. Sisi hatuna umbo moja jepesi la namna hiyo. Tunasema tu "atakuwa ametimiza miaka kumi akifundisha" na kila mtu anaelewa. Kwa hiyo acha kutafsiri, tazama hesabu iliyo ndani ya sentensi.

Sentensi ya Asha ina alama mbili. *By next June* ni kikomo, mahali unaposimama huko mbele. *For ten years* ni urefu wa muda. Zikikutana hizo mbili, muda unahesabiwa kurudi nyuma kutoka kwenye kikomo. Asha akiwa alianza Juni 2017, kikomo chake ni Juni 2027, na miaka kumi yote iko nyuma ya kikomo hicho. Ukiandika *she will be teaching for ten years*, umegeuza hesabu ielekee mbele, kana kwamba amepewa mkataba mpya wa miaka kumi. Huko ndiko maksi zinakopotelea.

Umbo lenyewe lina vipande vinne visivyobadilika mpangilio: *will*, *have*, *been*, kisha kitenzi chenye *-ing*. Kiima kiwe *she*, *they* au *the train*, *have* haigeuki kuwa *has* hata mara moja, kwa sababu kitenzi kinachofuata *will* hakichukui alama ya nafsi. Kosa lingine liko mwishoni. Mwanafunzi anayeandika *will have been taught* amesema "atakuwa amefundishwa", na Asha amegeuka kuwa mwanafunzi. Baada ya *been*, ile *-ing* ndiyo inayomfanya Asha awe mtenda, kwa hiyo ihakikishe kabla hujageuza ukurasa.

Sasa tuje kwenye sentensi yenye nafasi mbili, ambayo kwa maoni yangu ndiyo ngumu kuliko zote. Saa nilizoweka ni za zoezi tu, usizichukue kama ratiba ya Reli ya Kati:

The train leaves Tabora at 8 p.m. By the time it ______ Kigoma at 7 a.m., we ______ for ______ hours. Vitenzi ni *reach* na *travel*.

Nafasi ya kwanza ni *reaches*. Wengi huandika *will reach*, na sababu yake inaonekana wazi kwenye Kiswahili chetu: "treni itakapofika Kigoma". Ile *-ta-* iliyo ndani ya "itakapofika" inawavuta waandike *will*. Kiingereza hakiweki *will* katika kishazi kinachoanza na *by the time*. Kinatumia wakati uliopo wa kawaida, na maana ya wakati ujao inabebwa na nusu ya pili ya sentensi. Nafasi ya pili basi ni *will have been travelling*, kwa *l* mbili, kama inavyoandikwa katika Kiingereza cha Uingereza ambacho ndicho cha shule zetu.

Nafasi ya tatu ni hesabu. Kutoka 8 p.m. hadi usiku wa manane ni saa nne, na kutoka hapo hadi 7 a.m. ni saa saba, jumla *eleven*. Kwa saa zetu ni saa mbili usiku hadi saa moja asubuhi, na jibu ni lilelile. Hatari ni kuchanganya. Mtu anayesoma "saa mbili", akaandika 2 p.m. pembeni, kisha akaiacha 7 a.m. ilivyo, anapata saa kumi na saba. Geuza saa zote mbili, au usigeuze hata moja.

Kuna jambo ambalo zoezi la kujaza mara nyingi halilisemi: kiima lazima kiwe bado kinafanya kazi hiyo, au ndiyo kwanza kinaifikisha, pale kikomoni. Mfano mzuri uko hapa Kigoma. Jane Goodall alifika Gombe Julai 1960 kuchunguza sokwe, na utafiti huo unaendelea hadi leo. Unaweza kuandika *By July 2030, scientists will have been studying the chimpanzees of Gombe for seventy years*, na hesabu ni 2030 kutoa 1960. Lakini huwezi kumweka Jane Goodall mwenyewe kuwa kiima, kwa sababu alifariki mwaka 2025. Utafiti ni uleule na miaka ni ileile, ila yeye hatakuwepo kikomoni.

Pia si kila kitenzi kinakubali *-ing*. *Know*, *own*, *believe* na vingine vinavyotaja hali badala ya tendo hubaki na umbo fupi hata pale alama zote mbili zinapokuwepo: *By December, Juma will have known his neighbour for twenty years*. Ukijaza *will have been knowing*, umekosa.

Na angalia kinachohesabiwa ni nini. Mrina asali wa Sikonge akianza kazi alfajiri, sentensi inaweza kusema *By nine o'clock he will have been harvesting honey for three hours*. Hapo umehesabu muda. Ikisema *By nine o'clock he will have harvested six hives*, umehesabu mizinga iliyokwisha, na *been* haina nafasi tena. Kwa hiyo soma sentensi hadi nukta ya mwisho kabla ya kujaza. Nambari iliyo mbele ya *hives* na nambari iliyo mbele ya *hours* zinadai majibu tofauti, na mara nyingi neno hilo liko mwisho kabisa, baada ya nafasi ambayo mkono umeshaijaza kwa haraka.

Swali linalobaki ni la wanafunzi makini: je, *By next June, Asha will have taught for ten years* ni kosa? Si kosa. Kwa vitenzi kama *teach*, *live* na *work* maumbo yote mawili yanakubalika pamoja na muda, ila lenye *been* linasisitiza kwamba kazi inaendelea. Kama maelekezo ya swali yametaja wakati endelevu, andika *will have been teaching*. Kama hayajataja na umepewa chaguo A hadi D, mara nyingi utakuta moja tu kati ya hayo mawili, na lililopo ndilo unalochagua. Mwalimu anayetunga zoezi na kuyaweka yote mawili miongoni mwa chaguo hizo bila kusema anataka lipi ametunga swali lenye majibu mawili, na anapaswa kulirekebisha kabla ya kusahihisha.