Hadithi ya harusi haiokolewi na montaji

Swali: "Mimi ni kameramani hapa Lubumbashi, Katuba. Mwezi wa nane nina harusi: mahari nyumbani kwa bibi-arusi, wiki mbili baadaye komini siku ya Ijumaa, halafu kanisa na ukumbi Jumamosi. Familia inataka filamu yenye hadithi, na hotuba za wazazi ndani yake. Nina kamera mbili na rekoda moja. Mahojiano niyafanye kabla au baada? Mwenzangu anasema nichukue kila kitu, hadithi nitaitafuta kwenye montaji, na maharusi niwaandikie maneno ya kusema. Ni sawa?"

Jibu:

Ndugu, mahojiano yafanye kabla, na usimwandikie mtu yeyote maneno. Huo ushauri wa mwenzako unarudi kila kiangazi, na matokeo yake ni yale yale: diski imejaa picha za siku tatu, kila kitu kimo, lakini hakuna kinachomfanya mtu aendelee kutazama. Montaji inapanga kilichorekodiwa, basi. Haiwezi kumfanya mzee aseme jambo ambalo hakuna aliyemuuliza, wala kuitoa hotuba yake chini ya muziki wa DJ.

Anza kwa kwenda nyumbani bila kamera, kabla ya siku ya mahari. Kaa na maharusi saa moja, kisha na msemaji wa kila familia. Unatafuta jambo moja: katika harusi hii, ni nini kinabadilika, na kwa nani? Tuseme unaambiwa kwamba baba wa bibi-arusi alifariki binti akiwa mdogo, na aliyemlea ni baba mkubwa, ambaye ndiye atakayepokea mahari na kumpeleka kanisani. Hapo hadithi umeshaipata. Iandike kwa sentensi moja: mzee aliyelea mtoto wa marehemu ndugu yake anamkabidhi kwa familia nyingine. Sentensi hiyo ndiyo itakayokuambia mikro ikae wapi na kamera ya pili imtazame nani. Mzee huyo unamfuata mara tatu: anapopokea mahari, anapoingia na binti kanisani, na anaposimama kuhutubia ukumbini. Keki, magari na mavazi utayachukua pia, lakini hayabebi filamu.

Baada ya hapo, mahojiano. Baba mkubwa mhoji siku chache baada ya mahari, jambo likiwa bado moto moyoni mwake. Maharusi wahoji wiki ya mwisho, kila mmoja peke yake, kwa sababu wakikaa pamoja mmoja husema na mwingine huitikia kwa kichwa. Dakika 30 hadi 40 kwa mtu zinatosha, na katika hizo utatumia tatu au nne. Zima friji na feni, funga dirisha la upande wa barabara, na mtu asizunguke nyuma yako. Kaa karibu kabisa na lensi, macho yako yalingane na yake, ili asitazame juu wala chini. Kwa kuwa sauti yako haitabaki kwenye filamu, mwombe jibu lake libebe swali. Ukiuliza "Mlikutana wapi?" akajibu "Kanisani", huna cha kutumia. Mwambie: "Nisimulie siku ile mlipokutana." Akimaliza, nyamaza na uhesabu moyoni hadi tano. Watu wengi husema neno lao zito katika kimya hicho, wakidhani umeshamaliza. Kabla ya kuondoka rekodi sekunde 30 za kimya cha chumba hicho hicho. Utazihitaji kujaza nafasi kati ya maneno utakapoyakata.

Na lugha mwachie msemaji. Bibi anayesema Kiluba au Kibemba vizuri, ukimlazimisha Kifaransa kwa sababu "filamu iwe ya kisasa", atakupa sentensi tatu za adabu tu. Mwache aseme kwake, kisha weka maandishi chini ya picha na umpe mtu wa familia ayakague.

Kuhusu kuwaandikia maharusi maneno: mtu anayesoma hujulikana mara moja. Macho yanakwenda upande, sauti inakuwa ya mwanafunzi mbele ya mwalimu, na mama yake mzazi akitazama anajua kwamba mtoto wake hasemi hivyo. Skripti ya filamu ya harusi ni karatasi yako wewe, wao hawaishiki. Igawe safu mbili, kushoto kinachosikika, kulia kinachoonekana, na safu ya kushoto uijaze kwanza. Kwa filamu ya dakika 25 unaweza kupanga hivi: dakika 2 za kufungua kwa sauti ya baba mkubwa, 4 za mahari, 3 za komini, 6 za kanisa, 6 za hotuba, na 4 za kumalizia. Pale ambapo safu ya kushoto bado ni tupu, andika swali utakalouliza au mtu atakayevaa mikro. Ukimaliza mahojiano, sikiliza yote, andika maneno yanayofaa pamoja na dakika yanapopatikana, kisha rekebisha karatasi. Ikiwa mzee amesema, "Siku ya kwanza alikuja na mfuko mmoja wa nguo," basi safu ya kulia inadai mlango wa nyumba ile, na unaweza kwenda kuupiga picha kabla ya Jumamosi. Yule anayesubiri montaji hugundua mlango huo mwezi wa kumi, wakati nyumba imeshapakwa rangi nyingine.

Komini na kanisa ni mambo yasiyorudiwa. Afisa wa hali ya kiraia anawauliza kama wanakubaliana, wanajibu, wanatia sahihi, imekwisha. Wapo kameramani wanaowarudisha maharusi mbele ya altare baada ya misa ili waape upya "kwa kamera". Ni kukosa heshima kwa kiapo, na tena haifanyi kazi: nyuso zimeshatulia, viti vimebaki vitupu, na tabasamu ni la kuigiza. Nenda ukaongee na padri au mchungaji siku kadhaa kabla, ujue unaruhusiwa kusimama wapi na ni wakati gani hupaswi kutembea. Mikro ndogo aivae bwana-arusi, iunganishwe na simu iliyo katika hali ya ndege, ndani ya mfuko wa koti. Bibi-arusi usimvalishe, maana lesi ya gauni inakwaruza mikro kila anapopumua. Wakisimama uso kwa uso, mikro ya mwanamume inasikia wote wawili. Rekoda yako iweke karibu na spika ya kanisa. Anzisha vyote kabla hawajaingia, halafu usiguse.

Ukumbini ndiko filamu nyingi hufia. Sababu kubwa ni moja, na watu hawaiamini hadi waione wenyewe: DJ anapiga muziki laini chini ya hotuba. Masikio ya wageni yanafurahi, lakini kwako hotuba hiyo haikatiki tena. Ukitoa sentensi moja katikati, muziki unaruka, na kila mtazamaji anasikia mruko. Hotuba ya dakika 12 huwezi kuifanya dakika mbili. Mtafute DJ na mwongoza sherehe mapema, waombe muziki uzimwe kabisa mtu anaposhika mikro, na wamwache mtu amalize, makofi yaishe, ndipo wapige. Waombe pia orodha ya wasemaji. Baba mkubwa umuulize anakusudia kugusa jambo gani, ili kamera ya pili ijue imtafute nani kati ya waliokaa. Maneno yenyewe ni yake.

Rekoda iunganishe na mikseri ya DJ, kwenye mlango wa kutokea sauti. Kwenye rekoda chagua kiingilio cha laini, siyo cha mikro, la sivyo sauti itaingia ikiwa imepasuka, na iliyopasuka hairekebishiki. Mtu anaposema kwa nguvu, kipimo kiguse kama -12 dB. Hiyo inakuachia nafasi mzee atakapopaza sauti. Iendeshe kwa betri. SNEL ikikata umeme na jenereta ikachelewa, rekoda iliyochomekwa ukutani inazimika na mara nyingi faili ya hotuba inaharibika nayo. Ile simu ya kanisani iweke mbele ya spika iwe akiba.

Kamera zote mbili weka picha 25 kwa sekunde na shata 1/50, kwa sababu umeme wetu ni wa 50 Hz na taa za ukumbi zinaweza kupepesa ukichagua kasi isiyolingana nao. Kamera ya kwanza ibaki kwa msemaji bila kukatwa tangu anaposimama hadi anapokaa. Ya pili iwe kwa binti, mama yake na wakwe. Ukitaka kumwonyesha binti akilia kwa maneno ya mzee, awe amelia kwa maneno hayo. Kuchukua chozi la kanisani na kulibandika juu ya hotuba ni uongo, na familia inaujua kwa kutazama tu, kwa sababu maua na mwanga si vile vile. Kupanga nyakati upya kunaruhusiwa: unaweza kuanza na hotuba ukarudi nyuma kwenye mahari. Kubadilisha maana ya alichosema mtu hakuruhusiwi.

Familia nazo zisikie hili, kwa kuwa zinaliwa pesa kila mwaka. Mtu anakuonyesha dakika mbili za droni, mwendo wa polepole na wimbo wa mapenzi, anasema hiyo ndiyo "filamu ya kisinema". Amenunua mfano uliotengenezwa tayari, na harusi yako ataitumbukiza humo kama alivyoitumbukiza ya jirani. Mwombe akuonyeshe filamu nzima yenye hotuba ya mzazi, na uisikilize ukiwa umefumba macho. Kama maneno hayasikiki vizuri, droni haitakusaidia. Muulize nani atashughulikia sauti tu siku hiyo, na ni lini atakuja nyumbani kuongea na wazee. Akisema hakuna haja ya kuja, tafuta mwingine.

Jambo la mwisho, na hili wengi wanaliruka: mkataba useme kwamba hotuba zote zitatolewa pia zikiwa kamili, bila kukatwa, mbali na filamu. Zinakiliwe kwenye diski mbili, moja kwa kila familia, kabla ya kadi yoyote kufutwa kwa ajili ya kazi ya wiki inayofuata. Fungua kila faili na usikilize mwanzo, katikati na mwisho. Kuona jina la faili kwenye skrini hakuthibitishi kwamba sauti imo ndani.