Gawanya Bei kwa Gigabaiti Ulizotumia, si Ulizouziwa

Kwa muda mrefu nilichagua kifurushi cha intaneti kwa hesabu moja tu: bei igawanywe kwa idadi ya gigabaiti zilizotangazwa. Hesabu hiyo si ya uongo, lakini inapima ulichouziwa wala haipimi ulichokitumia, na pengo lililopo kati ya viwili hivyo ndilo lililokuwa likinila fedha kila mwezi.

Nitatumia tarakimu nyepesi, ambazo msomaji anaweza kuzibadilisha kwa bei za mtandao wake. Kifurushi cha siku 30 kilikuwa na gigabaiti 12 kwa 1,200, yaani 100 kwa kila gigabaiti. Cha siku 7 kilikuwa na gigabaiti 2 kwa 260, yaani 130. Nilichukua cha mwezi bila kusita. Siku ya mwisho nilipoangalia salio nilikuta gigabaiti 4.6 hazijaguswa, na muda ulipokwisha zikafutwa zote. Niliporudi kusoma masharti ndipo nilipoona kwamba gigabaiti 4 kati ya zile 12 zilikuwa za kutumika kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, wakati ambao mimi nimelala. Nilikuwa nimetumia gigabaiti 7.4 kwa 1,200, na kila moja ilinigharimu 162.

Baadaye nilijaribu vile vya wiki. Vinne vilinigharimu 1,040, nikatumia gigabaiti 7.6 kati ya 8, na kila gigabaiti ikasimama kwenye 137. Kile kilichoonekana ghali ndicho kilichokuwa nafuu. Ikumbukwe tu kwamba vifurushi vinne vya wiki vinafunika siku 28, si 30, na anayelinganisha jumla ya mwezi bila kuzingatia siku hizo mbili atakosea.

Hata hivyo, sisemi kwamba cha wiki kinamfaa kila mtu. Mwenye matumizi ya kupanda na kushuka anaweza kukimaliza siku ya nne, na hapo ndipo simu inapoanza kula salio la kawaida kwa bei ya nje ya kifurushi, ambayo huwa juu mno. Mimi nimeweka kikomo katika sehemu ya matumizi ya data kwenye mipangilio ya simu, chini kidogo ya ukubwa wa kifurushi, ili data ijizime yenyewe kabla ya salio kuguswa. Kuhusu muda wa matumizi, neno «siku moja» lisomwe kwa uangalifu: kwa baadhi ya mitandao ni saa 24 tangu kununua, na kwa mingine ni hadi saa sita usiku, kiasi kwamba anayenunua saa nane mchana anapata saa kumi tu.

Jambo gumu zaidi kuligundua ni kasi. Nilinunua kifurushi cha siku kilichoitwa «bila kikomo», kwa 60, na ndani ya masharti mlikuwa na mstari mmoja unaosema kwamba baada ya megabaiti 500 kasi itashuka hadi kilobiti 512 kwa sekunde. Biti nane ni baiti moja, hivyo kasi hiyo ni kilobaiti 64 kwa sekunde, na kupakua gigabaiti moja kwa mwendo huo huchukua zaidi ya saa nne. Ujumbe wa maandishi utapita, lakini video itakwama kila mara.

Namna ya kutofautisha kasi iliyobanwa na mtandao uliosongamana ni kupima mara kadhaa. Msongamano hupandisha na kushusha tarakimu, na mara nyingi hupungua usiku wa manane. Kasi iliyobanwa hubaki palepale, karibu na megabiti 0.5 kwa sekunde, hata watu wote wakiwa wamelala. Pima pia kwa fast.com, kipimo kinachopitia seva za Netflix, kisha ulinganishe na kipimo kingine: kama cha kwanza kinatoa tarakimu ndogo sana kila unaporudia, yamkini video ndizo zinazobanwa. Usipime ovyo, kwani kwenye kasi kubwa kipimo kimoja kinaweza kula makumi ya megabaiti au zaidi.

Kwa sababu hiyo, kifurushi cha aina hii nakihesabia zile megabaiti 500 za kasi kamili peke yake. Anayezimaliza kila siku analipa 120 kwa gigabaiti, na hiyo si bei mbaya. Mimi natumia wastani wa megabaiti 270 kwa siku, kwa hiyo gigabaiti moja ingenigharimu zaidi ya 220.