Umeacha Gmail wazi steshenari? Anza na nywila

Msomaji mmoja aliniandikia akiwa kwenye basi la Mbeya, wakati wamekwisha kupita Chalinze. Asubuhi hiyo alikuwa ametuma maombi ya kazi kwenye steshenari moja ya Mwenge, muda aliolipia ukaisha, skrini ikajifunga, naye akachukua karatasi zake na kukimbilia stendi. Njiani ndipo alipokumbuka kwamba Gmail yake ilikuwa bado wazi. Alitaka kujua kama amwombe mwenye duka amtolee.

Nilimjibu asimpigie mtu yeyote, kwa sababu simu aliyoishika ilitosha. Najua ninachosema, maana niliendesha intaneti kafe Sinza kwa miaka kadhaa, na hakuna jioni niliyofunga bila kukuta akaunti ya mteja ikiwa wazi. Programu ya kuhesabu muda hufunga skrini tu. Kivinjari huendelea kukaa nyuma yake kikiwa na kidakuzi kinachoiambia Gmail kwamba mtumiaji yuleyule bado yupo, na mteja anayefuata akifunguliwa mashine, barua za mwenzake zinaweza kuwa mbele yake. Hata kubofya alama ya X hakusaidii, kwani kunafunga dirisha na kukiacha kidakuzi mahali pake.

Watu wengi hushauri kwamba uanze kwa kukiondoa kifaa kile kwenye akaunti. Mimi nasema anza na nywila. Kama kivinjari cha pale kiliuliza iwapo kihifadhi nywila na wewe kwa haraka ukakubali, ukikiondoa kifaa bila kubadilisha nywila, yeyote atakayeketi pale ataingia tena kwa mbofyo mmoja. Kwa hiyo nilimwelekeza msomaji wangu afungue myaccount.google.com kwenye simu, aende sehemu ya usalama na aweke nywila mpya. Google yenyewe huviondoa vifaa vingi nywila inapobadilishwa, ila si vyote, na ndiyo maana hatua ya pili haikwepeki.

Hatua hiyo iko palepale kwenye usalama, chini ya Your devices, ambapo unagusa Manage all devices. Msomaji wangu aliona simu yake kwa jina la aina yake, na chini yake mistari miwili iliyoandikwa Windows. Akaingiwa na hofu kwamba ameshaibiwa. Nilimwambia aguse kila mmoja na atazame kivinjari na muda wa mwisho wa kutumika: mmoja ulikuwa wa asubuhi ile, na wa pili ulikuwa wa kompyuta ya ofisi ya kaka yake, ambayo alikwisha kuisahau. Jina la mji lisikutishe sana, kwa kuwa Google hukisia mahali kutokana na mtandao uliotumika, na makisio hayo hukosea. Kwa mistari yote miwili alibonyeza Sign out.

Hapo watu hupumua na kuiweka simu mfukoni, ilhali kuna vitu ambavyo hatua hizo hazivigusi. WhatsApp uliyoiunganisha na kompyuta ile haihusiani na Google hata kidogo. Ni lazima uingie kwenye Linked devices ndani ya simu, uguse kompyuta husika na uchague Log out. Vilevile, wasifu na nakala ya kitambulisho cha NIDA ulivyopakua ili vichapwe vimebaki kwenye folda ya Downloads, na hakuna kitufe cha mbali kitakachovifuta. Kwa hilo tu ndipo unapomhitaji mwenye duka.

Na ukikuta akaunti ya mwenzako, usisome chochote wala usimwandikie barua kupitia akaunti yake mwenyewe ukidhani unamtahadharisha. Bofya picha yake juu kulia, chagua Sign out, kisha kwenye ukurasa unaofuata chagua Remove an account, la sivyo jina na anwani yake vitaendelea kuonekana. Nasema hivi kwa uchungu. Mteja mmoja alinituhumu mbele ya wateja wengine kwamba nilisoma barua zake na kumpelekea mumewe habari, na jambo pekee nililokuwa nimelifanya ni kumtolea akaunti aliyoiacha wazi. Hakuwahi kurudi kuniomba radhi, wala sikumfuata.

Msomaji wangu alimaliza kabla ya Morogoro. Nilimwomba jambo moja la ziada: aingie Gmail kwa kompyuta akifika, afungue mipangilio na aangalie sehemu ya Forwarding and POP/IMAP, pamoja na ile ya vichujio. Aliyepata dakika chache ndani ya akaunti anaweza kuwa ameweka agizo la kunakili barua zako kwenda kwake, na agizo hilo huendelea kufanya kazi hata baada ya nywila kubadilishwa na vifaa vyote kuondolewa.