Zimwi mlangoni, na kizingiti kinachosingiziwa

"Nawaandikia wanafunzi wangu hadithi ya Kigiriki na nimeianza hivi: 'Zimwi mwenye vichwa vitatu alikuwa kizingiti kwa kila aliyetaka kuingia kuzimu.' Mwalimu mwenzangu anang'ang'ania niandike 'zimwi lenye vichwa vitatu lilikuwa'. Nani kati yetu yuko sahihi? Na mbona mazimwi haya hukaa milangoni tu?"
Mwalimu, Bagamoyo

Mwenzako ameshinda, Mwalimu, ingawa kwa bao moja tu. Kanuni ya darasani ni kwamba kiumbe chenye uhai huchukua upatanisho wa a- na wa-, hata jina lake likiwa na sura nyingine: kiboko amelala, kipofu amefika. Kwa kanuni hiyo "zimwi alikuwa" si kosa la kumvua mtu ualimu. Lakini wazee walikwisha kutuamulia: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Sikiliza hiyo li- inavyolitunisha lile dude. Ukiandika "zimwi alikuja" unalipa adabu kama mgeni wa harusi. Na kwa kuwa zimwi, mzimu na kuzimu ni watoto wa tumbo moja, umelichagua jina zuri la mnyama anayekaa huko. Hapo ugomvi wenu umekwisha, mnaweza kunywa kahawa pamoja.

Ugomvi wangu mimi ni na hicho kizingiti.

Kimefanya nini kizingiti cha watu? Hotuba haipiti siku hizi bila "vizingiti vya maendeleo". Mtu kakosa mkopo, amekumbana na kizingiti. Barabara imejaa matope, ni kizingiti kwa wakulima. Sasa kimetoka hotubani na kuingia kuzimu, kimeota vichwa vitatu na kinabweka.

Toka nje, Mwalimu, uende Mji Mkongwe hapo hapo Bagamoyo, usimame mbele ya mlango wowote wa kuchonga. Ubavuni utaona miimo miwili. Katikati, mbao mbili za mlango zinapokutana, pana mfaa. Juu kuna kizingiti cha juu, na chini, kutoka mwimo hadi mwimo, kimelala kizingiti cha chini, kimeinuka kidogo tu ili maji ya mvua yasiingie na mguu wako unyanyuke. Umeunyanyua? Basi umeingia. Kizingiti kimekuzuia nini? Mwizi akija usiku hakwami kwenye kizingiti, anakwama kwenye komeo. Anayetaka neno la kitu kizuiacho ana kizuizi, ana kikwazo, ana pingamizi, na kwa wenye hasira ana kigingi. Maneno manne yamekaa bure, yote mazima, halafu tunakwenda kumng'oa mtu kipande cha mlango wake.

Najua kuna atakayeniletea kamusi na kunionyesha kwamba watu wa baharini huita kizingiti lile fungu au mwamba ulio kwenye mdomo wa mto au bandari. Ni kweli. Aende basi Pangani amuulize nahodha. Maji yakitoka, chombo kitakwaruza tumbo pale mdomoni mwa mto. Maji yakijaa, chombo kinapita. Hata huko baharini, basi, kizingiti hakikatazi mtu. Kinasema: si saa hii, au si kwa mzigo huo. Shika hilo, kwa sababu ndilo litakalojibu nusu ya pili ya swali lako.

Kwanza tulirudie zimwi lako la vichwa vitatu, ambalo ni mbwa. Wagiriki walimwita Kerbero. Heziodo, mshairi wa zamani sana aliyepanga nasaba za miungu yao, anatueleza tabia yake kwa maneno machache yanayotosha kuibomoa sentensi yako: anayeingia, mbwa humchezea mkia na masikio yote mawili, anayejaribu kutoka, humvizia na kumla. Umeona? Umeandika "kila aliyetaka kuingia". Maiti wanaingia bila shida, tena wanapokelewa kwa mkia. Kazi ya Kerbero ni kuzuia watu wasitoke. Ni mlinzi aliyegeuza uso ndani, kama askari wa gereza, si kama bawabu wa nyumba ya tajiri. Waandishi wengi hukosea hapo kwa sababu wakisikia mlinzi wanamfikiria mwizi anayekuja kutoka nje, wakati kuzimu hakuna cha kuiba isipokuwa wafu wenyewe.

Wanaopata taabu mlangoni humo ni aina moja tu ya watu: walio hai wanaotaka kwenda na kurudi. Utaratibu wao ameueleza vizuri kuliko wote Apuleyo, Mwafrika wa Madaura, katika Algeria ya leo, aliyeandika kwa Kilatini karne ya 2. Kwake msichana Saiki ametumwa kuzimu na mungu wa kike Venusi akalete uzuri kidogo ndani ya kikasha. Mnara mmoja, ndiyo, mnara unaosema, unamfundisha namna ya kusafiri.

Ashuke kwa pango la Tenaro, kusini kabisa mwa Ugiriki bara. Mikononi achukue mikate miwili ya shayiri iliyokandwa kwa mvinyo wa asali, mmoja kila mkono. Mdomoni aweke sarafu mbili, na wala si kwa urembo: mikono imejaa, na Wagiriki nao walimzika maiti na sarafu yake mdomoni, ya kumlipa mvushaji. Mvushaji anaitwa Kharoni. Atachukua sarafu moja kwa mkono wake mwenyewe kutoka mdomoni mwa msichana, na ya pili ibaki pale pale kwa safari ya kurudi.

Sasa ndipo mambo huharibika. Njiani kuna kiwete na punda wake, anaomba aokotewe kuni zilizoanguka. Mtoni anaelea mzee aliyekufa, ananyosha mikono iliyooza, anaomba avutwe ndani ya mashua. Ng'ambo kuna vikongwe wanaofuma nguo, wanaomba wasaidiwe kidogo tu. Kila mmoja ni mtego wa Venusi, na shabaha ya mitego ni moja: kumfanya msichana afungue kiganja. Mkate mmoja ukianguka, mnara unasema, nuru ya jua hataiona tena. Hesabu ni rahisi. Mkate wa kwanza humtuliza mbwa wakati wa kuingia, wa pili wakati wa kutoka. Mwenye mmoja atafika salama salimini, atakaribishwa, kisha atakaa huko milele. Na ndani akipewa kiti laini na chakula cha fahari, akatae, akae chini, aombe mkate mkavu.

Na huyo mbwa, Apuleyo anamlaza wapi? Mbele ya kizingiti chenyewe cha nyumba ya malkia wa kuzimu. Neno la Kilatini analotumia ndilo hilo hilo la gogo la mlangoni. Mbwa yuko pale, kizingiti kipo pale, na ni vitu viwili. Anawabwekea maiti, anasema Apuleyo, lakini bure, kwa maana hawezi tena kuwadhuru. Nani basi hulipa mkate? Aliye hai tu, kwa kuwa amekuja na mzigo usiopasa mahali pale: uhai wake. Mdomo wa Pangani huo huo.

Watu wa Tanga hawahitaji kuelezwa sana kuhusu pango na sadaka yake. Wapo wanaopeleka vyao Amboni mpaka leo. Mkate wa Saiki ni wa ukoo huo.

Umeuliza mbona mazimwi hukaa milangoni tu. Wewe mwenyewe unajua, kwa sababu umelelewa Pwani na ulikatazwa kukaa mlangoni. Kizingitini mtu hayumo ndani wala hayuko nje. Mahali pa namna hiyo panataka sheria yake, na sheria yetu ni hodi: unaipiga mara tatu, usipojibiwa unarudi zako. Mgeni ana hodi, mwenyeji ana karibu, na katikati yao hakuna zimwi kwa sababu maneno mawili yanatosha. Mlango ukiwa wa dunia mbili, maneno hayatoshi, ndipo mahali pasipo huku wala huko panapopewa mlinzi asiye hiki wala kile. Kerbero ana mkia wa nyoka. Sfinksi ana uso wa mwanamke, mwili wa simba na mabawa ya ndege. Waashuri waliweka malangoni mwa majumba ya wafalme wao fahali wa mawe wenye mabawa na vichwa vya watu, na mafundi wakawachonga miguu mitano. Ukiwatazama kwa mbele, miguu miwili imesimama wima: zimwi limekuwekea kifua. Ukipita ubavuni unaona minne, nayo inatembea: zimwi linakwenda nawe. Wa mbele na wa ubavuni ni jiwe lile lile, kilichobadilika ni wewe kuvuka.

Sfinksi, kwa kuwa hukumtaja, nimpitie haraka. Wa Giza huko Misri, mwenye urefu wa mita 73, hakuwahi kumtegea mtu kitendawili; ana kichwa cha mfalme na amenyamaza. Anayetega ni yule wa Kigiriki, karibu na mji wa Thebe: ni nini chenye sauti moja, kikawa na miguu minne, kisha miwili, kisha mitatu? Asiyetegua aliliwa. Msafiri mmoja, Edipo, akajibu kuwa ni mtu, anayetambaa utotoni na kushika mkongojo uzeeni, na zimwi likajirusha likafa. Mtoto yeyote wa Pwani ataliona la ajabu hapo. Kwetu anayeshindwa na kitendawili huambiwa "nipe mji", na mtegaji ndiye huupokea. Thebe ilikuwa kinyume: aliyetegua ndiye aliyepewa mji, akawa mfalme wake, na kwa bahati mbaya akapewa malkia pia amwoe, kumbe ni mama yake mzazi.

Kwa hiyo andika hivi, Mwalimu: "Mbele ya kizingiti cha kuzimu lililala zimwi lenye vichwa vitatu, likimchezea mkia kila aliyeingia na kumla kila aliyetaka kutoka." Kizingiti kimerudi mlangoni kwake, na mwenzako amepata li- yake. Wanafunzi wakikukamata kwamba Heziodo alihesabu vichwa 50, usibabaike. Wachoraji wa vyungu wa Athene mara nyingi walichora viwili, kwa maana chungu kina upana wake.