Msiulize swali kwa sauti: kwa wanaoanza kunukuu toni

Jana nilikaa nyuma ya wanukuzi wetu wapya watatu walipokuwa wakihakiki orodha ya maneno ya Kiyoruba na mzungumzaji. Kila mmoja alisoma neno, akapandisha sauti mwishoni kama anayeuliza, kisha akasubiri. Nilivumilia kwa dakika kumi. Nawapenda, lakini nimeona kosa hili likirudiwa kila mwaka, na najua linapoishia.

1. Kiingereza kina kiimbo, na Kiswahili nacho kina kiimbo. Sema "No" ukishusha sauti, umekataa. Sema "No?" ukiipandisha, umeuliza. Neno ni lile lile, kilichobadilika ni msimamo wa msemaji. Na sisi ni vivyo hivyo: "Amekuja" na "Amekuja?" zinatofautiana kwa kidatu tu. Hata *barabara* yetu, ile ya kupita magari na ile ya "sawasawa", inatofautishwa na mahali mkazo ulipo, si na toni.

Kiyoruba kimeweka kidatu mahali pengine, ndani ya neno lenyewe. Kina toni tatu: juu, kati na chini. Ya juu huandikwa á, ya chini à, ya kati haipewi alama. *Ọkọ* (kati, kati) ni mume. *Ọkọ́* (kati, juu) ni jembe. *Ọkọ̀* (kati, chini) ni chombo cha kusafiria. Konsonanti na vokali ni zile zile, na hapa kidatu hakielezi hisia za mtu. Ukikikosea, umetaja kitu kingine.

2. Usipandishe sauti unapohakiki. Hapa ndipo nilipoumia, kwa hiyo nivumilieni.

Mwaka wangu wa kwanza nilirekodi maneno 180 kwa mama mmoja mzee, kila neno mara tatu. Nilinukuu nyumbani, kisha nikarudi kwake na orodha tuihakiki. Nikafika kwenye neno la gari. Nilikuwa nimeandika *ọkọ̀*, na nilikuwa sahihi. Nikalisoma kwa sauti ya kuuliza, kama ambavyo ningesema "gari?" kwa Kiswahili. Sauti yangu ikapanda kwenye silabi ya mwisho. Mama akatikisa kichwa. "Hapana, mwanangu, hilo ni jembe."

Nikafuta alama ya chini, nikaweka ya juu.

Tukafika kwenye mume. Nikasoma *ọkọ*, tena kwa kuuliza. "Hilo nalo ni jembe." Nikafuta, nikaweka ya juu. Kisha likaja jembe lenyewe, nikalipandisha kama kawaida, naye akafurahi: "Eeh! Hapo umepata." Akacheka kwamba leo namlimisha mchana kutwa. Nikacheka naye, kwa sababu nilidhani ananifundisha. Kumbe alikuwa akisahihisha kiimbo changu, nami nikakiandika kama toni ya lugha yake.

Ilipofika jioni nilikuwa nimebadilisha maneno zaidi ya arobaini, yote kuelekea juu. Nikaandika kwa kujiamini kabisa kwamba mume, jembe na gari hutamkwa sawa na hutofautishwa na muktadha. Msimamizi wangu alisoma, akafungua rekodi, akanichezea maneno hayo matatu bila kusema kitu. Yalikuwa tofauti waziwazi. Nilitamani sakafu inimeze. Kilichoniuma zaidi ni kwamba nilikuwa nimeandika juu ya nakala ya kwanza, ile iliyokuwa sahihi, nayo haikuwepo tena. Nilirudi kwa mama yule kumwomba muda wake upya, na alinipa, ingawa sikustahili. Bado nina deni kwake.

Cha kufanya ni hiki. Kiyoruba hakihitaji upandishe sauti ili uulize, kina neno la kuulizia ambalo hukaa mwanzoni: *Ṣé ọkọ̀ ni?* "Je, ni gari?" Tumieni hilo. Au mwambieni msemaji alitamke yeye, ninyi mnyamaze.

3. Orodha nayo ina kiimbo chake. Mtu akirudia neno mara tatu, mara mbili za kwanza huzishikilia juu kwa sababu anajua hajamaliza, na ya tatu huiangusha. Mimi nilikuwa nikinukuu ya tatu tu, nikiamini ameshatulia. Toni ya kati iliyoangushwa mwishoni ilinisikikia kama ya chini. Siku hizi nasikiliza umbo kabla ya kimo: toni ya chini ya kweli mwishoni mwa usemi huteleza kushuka, ya kati hubaki tambarare hata ikiwa imeshuka.

Dawa yake ni sentensi ya kubebea: weka neno katikati ya sentensi moja isiyobadilika, ili mwisho wa usemi uangukie neno jingine. *Mo rí ọkọ̀ lánàá*, "Niliona gari jana". Badilisha neno la tatu tu, mengine yaache.

Lakini sentensi hiyo nayo ina mtego, na jana mliuingia wote watatu. Katika usemi wa kawaida *rí ọkọ̀* haitamkwi kwa vokali mbili. Vokali ya kitenzi hudondoka, na toni yake ya juu haidondoki nayo, inahamia kwenye vokali inayobaki: *rọ́kọ̀*. Ndiyo maana mmoja wenu aliandika silabi ya kwanza ya gari kuwa ya juu. Alisikia vizuri sana! Ila alichosikia ni toni ya kitenzi. Kwa hiyo tumieni sentensi mbili: hiyo ya kwanza kwa silabi ya mwisho ya neno, na *Ọkọ̀ ni mo rí*, "Ni gari nililoliona", kwa silabi ya mwanzo. Neno likitoa majibu mawili tofauti, msichague mnalolipenda. Tafuteni kwanza toni ya jirani iliyohama.

4. Msinukuu kwa hezi. Toni ya juu ya mwanamume inaweza kuwa hezi 140 na ya chini ya mwanamke hezi 170, na wote wawili wako sahihi, kwa kuwa toni hupimwa kwa jirani zake ndani ya usemi uleule. Tena juu na chini zikipishana katika sentensi ndefu, kila ya juu inayofuata ya chini huanza chini kidogo ya ile iliyotangulia.

Kwenye Praat, programu ya kuchambulia sauti, mstari wa kidatu ukiruka ghafla hadi nusu au maradufu, hiyo si toni. Rekebisheni mipaka ya kidatu iendane na sauti ya msemaji, kisha mwangalie tena.

Mkishindwa kabisa kutofautisha maneno mawili, mwombeni msemaji ayapige mbinja. Vokali na konsonanti huondoka, toni hubaki peke yake.

5. Daftari liwe na safu mbili. Ya kwanza ni ulichosikia kwenye rekodi, ya pili ni kilichobadilika baada ya kuhakiki, na pembeni mwandike nani alitamka neno wakati wa kuhakiki, ninyi au msemaji. Safu ya kwanza haifutwi. Kesho nitapita mezani kuzikagua, na orodha ya jana tunaianza upya, kuanzia neno la kwanza.